Nyumba ya Mtu Huikatii Bima, na Jirani Uliyemsamehe Atadaiwa kwa Jina Lako

Joto likishaanza kupanda Maskati na Dubai, na watu wakaanza kuulizana tarehe za kuja London, simu za ofisini kwetu huongezeka. Mimi nafanya kazi ya madai ya bima hapa London, magharibi ya mji, na kwa kuwa nasema Kiswahili, wazee wetu wakipiga simu huunganishwa na mie. Maswali ni mengi, lakini moja halikosekani. Anapiga bibi, tunaamkiana, tunaulizana hali za watu wote mpaka wale wa Unguja, halafu anaingia kwenye shughuli yake.

"Mwanangu, ile fleti ya mtoto wa kaka yangu, nataka kuikatia bima."

"Fleti ni yake, bibi?"

"Yake. Lakini yeye mzembe, hakati. Pesa nitatoa mie, bima iwe kwa jina langu. Kuna ubaya gani?"

Ubaya kwa maana ya dhambi hakuna. Anataka kumsitiri mtoto wa kaka yake. Lakini bima ile, hata kampuni ikiichukua pesa yake kila mwaka bila kuuliza sana, siku fleti ikiungua haitamlipa. Nyumba ya mtu huikatii bima kwa faida yako, na katika sheria za Uingereza "mtu" ni pamoja na mtoto wa kaka yako, mkwe wako, na hata kampuni uliyoianzisha mwenyewe kwa mikono yako. Hili la kampuni ndilo linalowaumiza watu wa kwetu zaidi, nitalifikia.

Neno linalotumika ni maslahi. Ili bima ya nyumba isimame, mwenye bima lazima awe na maslahi katika nyumba ile: ikiharibika, yeye apoteze kitu ambacho sheria inakitambua. Mwenye hati anayo. Benki iliyokopesha kwa rehani inayo, kwa kiasi cha deni lake. Mpangaji anayo, kwa sababu atakosa pa kukaa, au kwa sababu mkataba wake unamtaka atengeneze kinachovunjika. Aliyetoa nusu ya pesa za kununulia, ikaandikwa hati ya amana kwamba sehemu fulani ni yake ingawa jina kwenye daftari la ardhi ni la mwengine, naye anayo. Shangazi mwenye huruma hana. Huruma yake ni ya kweli, lakini fleti ikiungua mfuko wake haupungui hata peni.

Na mrithi je? Hili nalo naulizwa na watu wazima, wenye akili zao. "Mzee wangu ana miaka tisini, mie ndiye mwanawe wa pekee, nyumba itakuwa yangu tu." Jibu la sheria lilitolewa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, katika kesi ya Lucena na Craufurd ya mwaka 1806. Lodi Eldon alitoa mfano wa mtu mwenye mali nyingi, umri wake miaka tisini, yuko kitandani anakata roho, hakuandika wasia, na akili imeshamtoka hata hawezi kuuandika. Mrithi wake ana uhakika kama wa jua kuchomoza kwamba mali itamfikia. Hata hivyo, alisema Eldon, sheria haimpi maslahi yoyote katika mali ile mpaka mzee afe. Kutarajia si kumiliki. Sisi Waislamu jambo hili halitushangazi, maana mirathi hata kwetu haifunguki mpaka mtu afe, na hujui nani atatangulia.

Sasa kampuni. Familia nyingi za Ghuba hazinunui fleti ya London kwa jina la mtu. Wanasheria huwafungulia kampuni, kampuni ndiyo inanunua, na baba anakuwa mwenye hisa zote. Baadaye, baba huyo huyo anakaa kwenye kompyuta, anajaza fomu ya bima ya nyumba. Palipoandikwa "nani mwenye nyumba" anaandika jina lake, kwa sababu moyoni mwake nyumba ni yake na hakuna anayebisha nyumbani kwake.

Bwana mmoja anayeitwa Macaura alifikiri vivyo hivyo. Alikuwa na shamba la miti la Killymoon, katika jimbo la Tyrone huko Ailandi ya Kaskazini. Mbao zote akaiuzia kampuni, na kampuni ikamlipa kwa hisa 42,000. Hapakuwa na mwenye hisa mwengine wa maana. Juu ya hisa, kampuni ilikuwa na deni lake la paundi 19,000. Kisha akazikatia bima zile mbao kwa kampuni kadhaa za bima, kwa jina lake mwenyewe. Mwezi wa Februari mwaka 1922 moto ukazila karibu zote. Kampuni za bima zikakataa kulipa, na mwaka 1925 kesi ikaamuliwa hapa London, katika Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa. Macaura alishindwa. Mbao ni za kampuni, walisema majaji, na kampuni ni mtu mwengine. Mwenye hisa anamiliki hisa, hamiliki mbao, wala kudai deni hakumpi haki juu ya mbao zenyewe. Moto ulimfilisi kweli, lakini ulimpitia mlango wa nyuma, na ule wa mbele ulikuwa na jina la mwengine.

Uamuzi huo haujafutwa mpaka leo. Kwa hiyo kama fleti yenu iko chini ya kampuni, hati ya bima lazima iandike jina la kampuni kama mwenye bima, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye daftari la ardhi. Familia inayokaa humo inaweza kutajwa pembeni kama wakaaji, na vitu vya ndani, mazulia na nguo na vyombo, vikatiwe bima kwa jina la aliye na vitu. Kurekebisha jina ni kazi ya dakika kumi kwa wakala. Baada ya moto hakurekebishiki.

Na lile la kuandika "nyumba ni yangu" ilhali si yako lina mkasa mwengine. Chini ya sheria ya mwaka 2012 ya bima za watu binafsi, anayekata bima anatakiwa ajibu maswali ya kampuni kwa uangalifu wa kawaida. Akijibu vibaya kwa makusudi, kampuni inaweza kuivunja bima yote na, mara nyingi, kubaki na ada alizolipa. Kwa hiyo bibi wa simu yangu si kwamba asingelipwa tu. Mpwa wake naye, akijua kwamba "shangazi ameshakata", asingekata ya kwake. Nyumba ingebaki wazi, na kila mmoja akiamini imefunikwa.

Mtu anaweza kuuliza: kwani kampuni inadhurika nini? Ada imepewa, nyumba ipo, iache ifanye biashara. Jibu liko katika historia ya mji huu huu. Karne ya kumi na nane, London ilikuwa imejaa watu waliokata bima kama wanaocheza kamari. Katika mikahawa ya kahawa, na ule wa Edward Lloyd ulikuwa mmoja wao, watu walikata bima za meli ambazo hawana hata kamba ndani yake. Hati zikiandikwa wazi kwamba bima italipwa "awe na maslahi asiwe nayo". Ukishakuwa na hati kama hiyo, meli ikizama wewe unatajirika, na haishangazi kwamba baadhi ya meli zilizamishwa. Sheria ya mwaka 1745 ikazipiga marufuku hati hizo kwa meli za Kiingereza. Watu wakageukia maisha ya wenzao: mtu maarufu akiugua, watu wasiomjua wakinunua bima juu ya kifo chake. Hata balozi mmoja wa Kifaransa aliyekaa London, Chevalier d'Eon, ziliuzwa hati za bima juu ya swali kama ni mwanamume au mwanamke, na mwaka 1778 Lodi Mansfield akakataa kuitekeleza kamari ya namna hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1774, Bunge lilishatunga sheria kwamba hakuna bima juu ya maisha ya mtu usiye na maslahi naye. Wazee wetu wanaoogopa bima kwa sababu ya maisiri, yaani kamari, watafurahi kujua kwamba Waingereza nao waliogopa jambo hilo hilo.

Hapa niseme kitu ambacho hata mawakala wengi hukichanganya. Ile sheria ya 1774 ukiisoma juu juu utadhani inakataza bima ya nyumba ya mwengine. Lakini Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 1985 kwamba haihusu bima za fidia, na bima ya nyumba ni bima ya fidia. Kinachomzuia shangazi leo ni kitu chepesi zaidi, nacho ni neno lenyewe: fidia. Kampuni iliahidi kumrudishia alichopoteza. Hakupoteza. Basi hana cha kurudishiwa.

Hilo neno fidia ndilo linalofungua na upande wa pili wa mambo haya, ambao watu wa kwetu wanaujua kidogo zaidi. Ikiwa bima ni kurudisha ulichopoteza na si zaidi, itakuwaje ukilipwa na bima halafu ukalipwa na mwengine kwa hasara ile ile? Kesi iliyojibu swali hili ilihusu nyumba moja tu, na ndani yake utaona pande zote mbili kwa pamoja.

Nyumba ilikuwa Liverpool. Mwenyewe akiitwa Preston, na alikuwa ameikatia bima ya moto. Mwisho wa Julai 1878 alikubaliana kuiuza kwa bwana Rayner kwa paundi 3,100. Mkataba ulishasainiwa, lakini nyumba ilikuwa haijakabidhiwa na pesa hazijamalizika kulipwa. Kati ya hapo, mwezi wa Agosti, moto ukatokea. Preston akadai, na kampuni ya bima, bila ya kujua kwamba nyumba imeshauzwa, ikamlipa paundi 330. Baadaye Rayner, kwa kuwa mkataba ulishamfunga, akalipa bei yote kama walivyopatana na akapokea nyumba iliyoungua.

Rayner alipojua kuhusu zile 330 akasema ni haki yake, atengenezee. Mwaka 1881 Mahakama ya Rufaa ikamwambia hapana, ingawa jaji mmoja kati ya watatu alipinga. Bima ni ahadi baina ya Preston na kampuni, haihamii kwa mnunuzi pamoja na milango na madirisha, na mkataba wa kuuza haukuitaja. Kwa hivyo Preston akabaki na bei kamili na paundi 330 juu yake.

Lakini kampuni nayo ilishasikia. Ikafungua kesi ya kwake, inayojulikana kama Castellain na Preston, na mwaka 1883 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba Preston azirudishe zile 330. Majaji walisema kwamba msingi wa bima yote ni kumrudisha mtu pale alipokuwa, asipungukiwe wala asipate ziada. Siku ya moto Preston alikuwa bado na maslahi, kwa hiyo hakukosea kudai. Mnunuzi alipolipa bei kamili, hasara yake ikafutika. Na ikifutika hasara, pesa ya bima ni ya kampuni.

Mie humwonea huruma Rayner kila nikiisoma. Alinunua nyumba nzima akapewa iliyoungua, na hakuna aliyemlipa. Ndiyo maana wakili mzuri hapa Uingereza humwambia mnunuzi akate bima siku ile ile ya kubadilishana mikataba, wala asingojee funguo. Kuanzia saa ile ameshafungwa kulipa, kwa hiyo ameshakuwa na maslahi. Jamaa zetu wengi husubiri mpaka wafike London na wapewe funguo, na baina ya mikataba na funguo huwa kuna wiki kadhaa.

Kutokana na wazo hilo hilo, kampuni ikishakulipa inashika nafasi yako. Haki yoyote uliyokuwa nayo dhidi ya aliyekusababishia hasara, sasa inaitumia yenyewe ili irudishe ilichotoa. Inaitumia kwa jina lako. Barua itatoka kwa mawakili wa kampuni, lakini mdai atakuwa wewe. Hapa ndipo maneno yanapoanza.

Tuseme una fleti ghorofa ya pili. Jirani wa juu ana mashine ya kufulia yenye bomba linalovuja. Umemwandikia mara mbili, akasema ataita fundi, hakuita. Siku moja bomba linapasuka naye hayupo, na maji yanashuka kwako usiku kucha. Mazulia, makochi, vitambaa na kabati la nguo, hasara ya vitu vya ndani inafika paundi 26,000. Bima yako ya vitu inasema paundi 500 za mwanzo utajibebea mwenyewe, na juu ya hapo kampuni italipa mpaka 20,000. Wanakulipa 20,000. Zimebaki 5,500 juu ya kikomo, na zile 500 zako za chini.

Sasa kampuni inamgeukia jirani, au bima ya jirani. Tuseme mwisho wa mabishano zinapatikana paundi 18,000. Watu hudhani zote zinakwenda kwa kampuni, au kwamba mnagawana sawa. Sivyo. Kwa utaratibu ambao Baraza la Malodi liliuweka mwaka 1993, katika kesi ya Napier na Hunter iliyohusu wanachama wa Lloyd's, pesa zinazorudi hushuka kutoka juu. Zinajaza kwanza hasara iliyozidi kikomo cha bima, yaani 5,500 zako. Zilizobaki, 12,500, ni za kampuni, ambayo hapo inakosa 7,500. Wewe unakosa zile 500 tu ulizokubali kujibebea tangu mwanzo, na hizo hulipwa mwisho kabisa, kama pesa zikitosha. Mkataba wako unaweza kuwa umepanga vyengine, kwa hivyo usome. Lakini ukinyamaza, huo ndio mpango. Ukipigiwa simu kwamba kampuni "inarudisha pesa zake", kabla hujaitikia uliza zimepatikana ngapi na sehemu yako ni ipi.

Kitu cha pili watu wasichokijua ni kwamba kampuni haipati haki zaidi ya uliyokuwa nayo wewe. Bomba kupasuka peke yake si kosa la mtu. Lazima ionekane jirani alizembea, kwamba alijua au alipaswa kujua, akapuuza. Kwa hiyo zile salamu mbili ulizomwandikia, zenye tarehe, zina thamani kuliko picha za maji. Na kile kipande cha bomba kilichopasuka kisitupwe. Fundi akija atakitia kwenye mfuko wa taka bila ya kufikiri. Mwambie akiache, ukiandike tarehe. Pengine mkaguzi wa hasara atakitazama na kuona kosa ni la aliyelifunga au la kiwanda, na dai litaelekea huko, jirani akapumua. Muda wa kushitaki kwa uharibifu wa mali kwa kawaida ni miaka sita, lakini bomba lililotupwa leo halipatikani kesho.

Tukumbuke pia kwamba fleti ina bima mbili. Jengo, yaani kuta, dari na mabomba ya ndani ya ukuta, kwa kawaida hukatiwa bima na mwenye ardhi, na kila mwenye fleti huchangia katika malipo yake ya mwaka. Vitu vya ndani unajikatia mwenyewe. Kampuni ya bima ya jengo ikitengeneza dari yako, mara nyingi haiwezi kumgeukia jirani wa juu, kwa sababu naye alichangia bima ile ile. Hilo nalo limo katika ule uamuzi wa 1985, wa Mark Rowlands na Berni Inns: mpangaji alizembea, jengo likaungua, na kampuni ya bima ya mwenye jengo ikashindwa kumdai, kwa kuwa kodi yake ilikuwa na sehemu ya kulipia bima hiyo na mkataba ulionyesha kuwa ni kwa faida ya wote wawili. Bima yako ya vitu haina zuio hilo. Jirani hakuichangia.

Basi fikiria jirani huyo ni mtu wa kwetu. Asubuhi anashuka na birika la kahawa na sahani ya halua, uso umemshuka. Wewe umelelewa vizuri, unamwambia, "Yashapita, ami, nimekusamehe." Yeye, kwa kuwa ni muungwana, anataka iandikwe ili moyo wake utulie: mnaandika karatasi, anakupa paundi elfu moja, mnasaini kwamba hamdaiani tena. Baada ya hapo unawasilisha dai lako kwa bima.

Karatasi hiyo imeua haki yako dhidi yake, na kwa kuwa kampuni inashika nafasi yako, imeua na haki ya kampuni. Kampuni inaweza kukataa kulipa, au kukukata ile sehemu ambayo ingerudisha. Ikiwa ilishakulipa, inaweza kukudai wewe. Na ile elfu moja nayo itahesabiwa. Sisemi msisameheane. Kunyweni kahawa. Mwambie jirani kwamba wewe huna kinyongo naye, kwamba jambo liko kwa kampuni, na kwamba barua ikija itakuwa na jina lako kwa sababu sheria ndivyo inavyotaka. Na mwambie aipelekee kampuni ya bima yake siku hiyo hiyo, maana bima nyingi za vitu vya ndani zina sehemu ya kumlipia mwenyewe akidaiwa na mtu mwengine. Mara nyingi mabishano huwa baina ya kampuni mbili, na majirani wanaendelea kupikiana.

Kusamehe kukubwa zaidi ni kwa jamaa wa damu, na hapo ipo kesi ambayo Waingereza wenyewe iliwaona aibu. Mwezi wa Januari 1949, katika uwanja wa machinjio huko Romford, mashariki mwa London, dereva mmoja wa lori alirudi nyuma akamgonga msaidizi wake. Msaidizi huyo alikuwa baba yake mzazi. Baba akaidai kampuni iliyowaajiri wote wawili, kama sheria inavyomruhusu, na bima ya kampuni ikamlipa kama paundi 1,600 na gharama. Kisha wenye bima, kwa jina la mwajiri, wakamgeukia mtoto: wewe ndiye uliyezembea, rudisha. Kesi ya Lister na kampuni ya barafu ya Romford ilifika Baraza la Malodi, na mwezi wa Disemba 1956, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, wenye bima wakashinda. Kilichoingia mfukoni mwa baba kikawa kinadaiwa kwa mtoto.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, na kampuni za bima za Uingereza zikaona haya. Zikapeana ahadi baina yao kwamba hazitamdai tena mfanyakazi kwa njia hiyo, isipokuwa alikula njama au alifanya makusudi. Haikuwa sheria, ilikuwa ni makubaliano ya waungwana, na yanaheshimiwa. Yanahusu wafanyakazi na waajiri wao. Mpwa wa shangazi aliyesahau kufunga mfereji, akaifurika fleti ya ami yake, hayumo katika ahadi hiyo. Kwa hiyo ikiwa fleti ni ya ami na vijana wa familia hukaa humo zamu kwa zamu wakisoma, mwombe wakala aangalie kama wakaaji wametajwa kwenye hati pamoja na mwenye nyumba. Kampuni haiwezi kumshitaki mtu ambaye yenyewe imemkatia bima kwa hasara ile ile. Ikiwa hawamo, omba waandikwe, na majibu yaje kwa maandishi kabla skuli hazijafunguliwa Septemba.